Nimeacha kazi, mwajiri wa zamani anasema nisiuze dawa za mifugo miaka miwili. Anaweza kunizuia?

#1 Mtu wa Molo
Wadau, naomba mawazo. Kwa miaka minne nimekuwa muuzaji wa kampuni moja ya dawa za mifugo: za kupe, za minyoo, na zile za kiwele. Eneo langu lilikuwa Molo, Njoro na kule Ol Kalou, agroveti kama 140 hivi. Mwezi wa pili nilitoa notisi, nikafanya kazi hadi mwisho wa mwezi wa tatu, nikarudisha pikipiki na tableti, tukaagana kwa soda na keki. Sasa niko kampuni nyingine. Bidhaa karibu ni zilezile na eneo ni lilelile.

Juzi nimepata barua ya wakili wao. Siku saba niwe nimeacha, la sivyo mahakamani. Wamenukuu kifungu cha 17: "Mfanyakazi hatajihusisha kwa namna yoyote na biashara inayofanana na ya kampuni katika nchi za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kwa miezi 24 baada ya ajira kukoma."

Sahihi ni yangu, sikatai. Siku ile nilitia sahihi karatasi zaidi ya ishirini huku nikiwaza mshahara wa kwanza. Je, mahakama inaweza kweli kunikalisha nyumbani miaka miwili?

#2 Sokwe Mtulivu
Ulitia sahihi, umekwisha. Nunua ng'ombe wako mwenyewe sasa, uwe mteja.

#3 Haki Yetu
Usimsikilize #2. Hicho kifungu ni karatasi ya kufungia mandazi. Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki katika kazi. Huwezi kumnyima mtu riziki kwa sababu ya sahihi. Puuza barua, endelea na kazi.

#4 Mama Hati
Haki Yetu, pole pole. Ukimwambia mtu apuuze barua ya wakili, uwe tayari kumlipia wakili wake.

Kifungu cha 41 kipo na kinazungumzia utendaji wa haki kazini. Lakini kuna sheria mahususi ambayo watu huisahau: Sheria ya Mikataba ya Kuzuia Biashara, Sura ya 24, ya enzi za mkoloni na bado inatumika. Inasema sharti la namna hii halibatiliki kwa sababu tu limo kwenye mkataba. Kisha inaipa mahakama uwezo wa kulitangaza batili ikiridhika kwamba limezidi kiasi, ikiangalia aina ya kazi, muda, eneo, na hali nzima ya jambo lenyewe. Kwa hiyo #2 na #3 mmekosea nyote wawili, kila mmoja kwa upande wake.

Neno lenye uzito pale ni "kinga ya kutosha": sharti lisimpe mwajiri zaidi ya hiyo. Mwajiri analindwa dhidi ya kitu ambacho ana haki ya kulindwa nacho, basi. Ushindani mtupu haumo. Kampuni haiwezi kusema "tunaogopa Mtu wa Molo kwa sababu anajua kuuza". Ujuzi wa kuuza ni wa kwake, ataondoka nao kama anavyoondoka na miguu yake. Kinacholindwa ni siri za kweli za biashara, na ule ukaribu na wateja aliojengewa kwa gharama ya kampuni.

#5 Dereva wa Zamani
Mama Hati asante, ila tuletee mfano. "Kuzidi kiasi" kila mtu atavuta upande wake.

#6 Mama Hati
Mfano anaofanana nao zaidi ni wa Uingereza, 1913, Mason dhidi ya Provident. Sheria yetu ya mikataba, Sura ya 23, inafuata mapokeo ya Kiingereza, ndiyo maana kesi zao husomwa hata kwenye mahakama za Milimani, Nairobi.

Mason alikuwa mtembeza nguo za mkopo. Anabisha mlango, anauza, anarudi kukusanya malipo. Alifanya kazi kipande kimoja tu cha London, Islington. Mkataba ukamkataza kazi ya aina hiyo kwa miaka 3 ndani ya maili 25 kutoka London. Maili 25 zinameza jiji zima na vitongoji vyake! Majaji wa juu wakakataa. Wateja waliomjua walikuwa wa kipande kile tu. Wakaongeza jambo ambalo mawakili wa waajiri hawapendi kulisikia: masharti kama haya huandikwa mapana makusudi, ili mfanyakazi aogope gharama za kesi, huku mwajiri akitegemea kwamba mahakama itampunguzia baadaye.

Sasa soma tena kifungu cha 17. Mtu aliyezunguka na pikipiki Molo na Njoro anakatazwa kuuza Kigali. Kwa nini? Nani anamjua Kigali?

#7 Sokwe Mtulivu
Kigali hata pikipiki yenyewe isingefika, ningeijua kampuni ningewaambia.

#8 Kinyozi Binti
Mimi niseme upande ambao hamtaki kuusikia. Nina saluni Thika. Nilimchukua msichana hajui hata kugawa nywele vizuri. Nikamfundisha mwaka na nusu, nikamkalisha kiti cha dirishani, wateja wote wapya nikampa yeye. Siku moja hakuja. Kumbe amefungua ghorofa ya juu ya jengo lilelile, na Jumamosi ile viti vyangu vitatu vilikaa vitupu. Namba za wateja alikuwa anaziandika kwenye daftari langu na kwenye simu yake kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mnaposema "riziki", kumbukeni nami nina riziki. Kodi ya chumba hainisubiri.

#9 Mama Hati
Kinyozi Binti, pole, na kesi yako ina nguvu kuliko ya kampuni ya #1, kama mngeandikiana. Sharti la "usifungue saluni ndani ya jengo hili wala usiwatafute wateja uliowahudumia hapa, kwa miezi sita" lina nafasi nzuri. Ni dogo na linalenga jeraha lenyewe. Mliandikiana?

#10 Kinyozi Binti
Tuliaminiana.

#11 Sokwe Mtulivu
😂😂 samahani dada, nimecheka kabla ya kufikiri.

#12 Kijana wa Kaunti
Mimi pia nina shida hiihii. Kampuni ilinilipia mafunzo ya laki tatu, nikakubali kukaa nao miaka miwili. Nimekaa miezi minane tu. Je, Sura ya 24 inaniokoa?

#13 Dereva wa Zamani
Hiyo siyo hiihii hata kidogo. Wewe unadaiwa pesa. Mwenzako anakatazwa kufanya kazi. Fungua uzi wako.

#14 Mpima Ardhi
Nilivyofundishwa mimi, muda ukizidi miaka miwili sharti linakufa, ukiwa chini ya mwaka linapita. Huyu ana 24, yuko ukingoni kabisa. Kwa hiyo jaji atamkatia iwe miezi sita au mwaka, kila mtu aende nyumbani.

#15 Mama Hati
Mpima Ardhi, hayo ni mawili na yote yanahitaji kunyooshwa.

Hakuna mstari wa miaka miwili. Mwaka 1921, Fitch dhidi ya Dewes, karani wa wakili katika mji mdogo wa Tamworth alifungwa maisha yake yote asifanye kazi ya uwakili ndani ya maili 7 kutoka jengo la manispaa ya mji ule. Maisha yote! Na mahakama ikalikubali, kwa sababu eneo lilikuwa dogo na yeye ndiye aliyekuwa akikaa na wateja, siri zao za mashamba na mirathi zote kichwani mwake. Mason akaachiliwa na miaka mitatu yake, Fitch akafungwa milele. Muda hausomwi peke yake, husomwa pamoja na eneo na kazi yenyewe.

La pili, kukata. Mahakama za Kiingereza hazimwandikii mwajiri mkataba mpya. Zinachofanya ni kufuta maneno, kama mtu mwenye kalamu ya bluu: yakifutika na sentensi ikabaki imesimama bila kuongezewa neno, na maana ya mapatano isigeuke sana, kilichobaki kinatekelezwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwenye kesi ya Tillman, ilifuta maneno ya "au kuwa na maslahi", ambayo yangemkataza hata kushika hisa chache, na sharti la miezi sita likabaki hai. Kwa #1 unaweza kufuta "Uganda, Tanzania na Rwanda". Lakini "24" huwezi kuifuta ikazaa "6". Na ukishafuta zile nchi tatu bado imebaki Kenya nzima, pamoja na Lamu.

#16 Mhamiaji wa Joburg
Huku niliko mambo ni mengine kabisa. Tangu kesi ya Magna Alloys, 1984, sharti kama hilo ni halali mpaka wewe mfanyakazi uonyeshe kwamba linakwenda kinyume na maslahi ya umma. Na mahakama inaweza kulitekeleza nusu, yaani ikasema eneo lote hapana, mkoa mmoja ndiyo. Mwenzangu wa kiwanda cha rangi alizuiwa hivyo. Kwa hiyo Mpima Ardhi hajaota, labda alisoma vitabu vya huku.

#17 Mpima Ardhi
Asante kwa kunitetea. Nilisoma Nairobi, ila mwalimu alikuwa ametoka huko 😀

#18 Bwana Shauri
Mama Hati nakuheshimu, ila hapo kwenye Sura ya 24 umepita haraka. Kwa Waingereza, sharti hubatilika mpaka mwajiri athibitishe kwamba ni la kiasi. Sheria yetu imeanza na "halitabatilika kwa sababu tu..." na kumpa jaji uwezo wa kulibatilisha akiridhika. Akiridhishwa na nani? Na yule anayelalamika, yaani mfanyakazi. Naona mzigo umehama, tunakaribiana na Joburg kuliko London.

#19 Mama Hati
Hoja nzuri, na nimeisikia ikitolewa na mawakili wa waajiri. Mimi nasoma tofauti: hata kama mfanyakazi ndiye anayeomba libatilishwe, mwajiri ndiye anayejua ana siri gani na wateja gani. Asipoonyesha kitu cha kulindwa, jaji ataridhika upesi sana. Lakini sitakuapia.

#20 Bwana Shauri
Basi tukubaliane kutokubaliana. Siku nikimwakilisha mwajiri nitakuita ushuhudie.

#21 Mtanga Halisi
Sisi huku Tanga sheria yetu ya mikataba, Sura ya 345, ilitoholewa kutoka ile ya India ya 1872, na India mpaka leo wanashikilia kwamba kumzuia mtu kazi baada ya ajira ni batili, iwe kwa kiasi au bila kiasi. Kenya mliachana nayo mkafuata Kiingereza, ndipo mkajitafutia haya yote.

#22 Sokwe Mtulivu
Mtanga umeona ugomvi wa jirani ukaleta kiti.

#23 Fundi Mitambo
Hakuna aliyeuliza swali kubwa: uliondokaje? Mimi nilifukuzwa kwa simu siku ya Ijumaa, bila notisi, bila barua, bila kusikilizwa. Baada ya miezi miwili wakaniletea barua ya sharti la mwaka mmoja. Wakili wangu akawajibu kwa ukurasa mmoja tu: mwajiri aliyevunja mkataba kwa kumfukuza mtu isivyo halali hawezi kugeuka na kuning'inia kwenye sharti la mkataba uleule. Alitaja kesi ya kampuni ya kubandika matangazo, 1909. Sikusikia tena kutoka kwao.

#24 Bwana Shauri
General Billposting dhidi ya Atkinson. Ni kweli, na bado inatajwa. Ila usiifanye nanga: mwaka 1996 jaji mmoja wa rufaa kulekule Uingereza ilikotoka aliitilia shaka waziwazi. Na kwa #1 haisaidii kitu, yeye kaondoka mwenyewe kwa notisi na keki.

#25 Mama Hati
Sawa kabisa. Mtu wa Molo, umenyamaza tangu #1. Nijibu mawili kabla ya kukupa moyo bure. Tangu uondoke, umewasiliana na wale wateja vipi? Na uliondoka na kitu chochote: orodha, bei, faili, hata kama ni picha kwenye simu?

#26 Mtu wa Molo
Nilikuwa nasoma yote, nilikuwa barabarani Elburgon.

Wateja nilikuwa nao kwenye simu yangu mwenyewe, laini ni yangu. Siku ya kwanza kazi mpya niliwatumia wote ujumbe mmoja wa wasap: "Nimehama, sasa niko huku, bei nafuu, karibuni."

Cha pili... wiki ya mwisho nilijitumia kwa barua pepe ile jedwali ya punguzo. Inaonyesha kila agroveti anapewa asilimia ngapi na analipa baada ya siku ngapi. Sikumpa mtu. Nilitaka tu niwe nayo.

#27 Sokwe Mtulivu
Eeh. "Tuliagana kwa soda."

#28 Haki Yetu
Ndugu, hilo ungeliandika kwenye #1. Nafuta nusu ya nilichosema.

#29 Mama Hati
Hapa ndipo mambo yanageuka, na kifungu cha 17 siyo shida yako kubwa tena.

Kuna kesi mbili ukiziweka pamoja utaona mstari. Ya kwanza ni ya kuku, Faccenda, 1986. Meneja wa mauzo aliondoka, akaanza kuuza kuku kwa magari ya baridi kwenye njia zilezile, wateja walewale, bei anazijua kichwani. Mkataba wake haukuwa na sharti lolote la baada ya kazi. Mahakama ikasema alichobaki nacho kichwani kimekuwa sehemu ya ujuzi wake, si siri ya biashara ya kiwango cha kulindwa. Akashinda.

Ya pili ni ya mayai ya ndege wa kuwindwa, Robb dhidi ya Green, 1895. Meneja huyu kabla ya kuondoka alikaa akanakili majina ya wateja kutoka kitabu cha oda cha bosi wake. Akashindwa, na hakuhitajika sharti lolote la kutoshindana ili ashindwe. Kosa ni kunakili akiwa bado analipwa na yule bosi.

Kukumbuka kwamba agroveti fulani wa Njoro anapewa asilimia nane ni kuku. Jedwali kwenye barua pepe yako ni mayai. Na kujitumia kunaacha tarehe na saa.

#30 Dereva wa Zamani
Na zile namba 140 kwenye laini yake? Namba ya agroveti imeandikwa juu ya mlango wa duka kwa rangi nyekundu. Siri gani hiyo?

#31 Kinyozi Binti
Namba si siri, lakini kujua ni nani wa kupigiwa Jumatatu asubuhi ndiyo biashara yenyewe. Hilo alilipwa kulijua.

#32 Mama Hati
Nyote wawili mna haki kidogo. Ndiyo maana mwajiri mwerevu haandiki "Kenya nzima". Huandika kama ile kesi ya muuza maziwa, Home Counties Dairies dhidi ya Skilton, 1970: kwa mwaka mmoja usiwauzie maziwa wateja uliowahudumia kwenye miezi sita yako ya mwisho. Likapita. Kama kifungu cha 17 kingeandikwa hivyo, ule ujumbe wa wasap ungekuwa kamba shingoni. Bahati ya Mtu wa Molo ni uroho wa aliyeandika mkataba.

#33 Bwana Shauri
Tuseme pia kuhusu mwendo, maana kesi hizi haziamuliwi mwisho, huamuliwa mwanzo. Mwajiri atakwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi na hati ya dharura akiomba zuio la muda. Vigezo ni vile vya Giella dhidi ya Cassman Brown, 1973: ana kesi yenye dalili ya kushinda, atapata hasara isiyolipika kwa pesa, na jaji akibaki na shaka anapima nani ataumia zaidi. Akipata zuio, miezi 24 itakwisha kabla kesi yenyewe haijasikilizwa, na mfanyakazi ameshinda karatasi tupu. Akikosa, naye huchoka akaondoka.

Kwa #1 naona jambo moja zuri. Aliondoka mwezi wa tatu, tuko mwezi wa nane. Wamekaa miezi mitano wakimwona Njoro na koti la kampuni nyingine. Dharura gani hiyo?

#34 Fundi Mitambo
Watasema wamejua juzi.

#35 Bwana Shauri
Watasema. Ndiyo maana ule ujumbe kwa watu 140 unamsaidia kwa njia ya ajabu. Lazima mmoja wao aliwaonyesha siku ileile.

#36 Mtu wa Molo
Wa Njoro stendi. Nina uhakika. Alinijibu "hongera" halafu akawa hanunui tena.

Sasa lile jedwali nilifute?

#37 Mama Hati
USIFUTE. Usilifungue, usilitume, usimwonyeshe bosi mpya. Ukifuta baada ya barua ya wakili kufika, utaonekana unaficha ushahidi, na jaji atasahau Kigali yote. Mpelekee wakili wako kama lilivyo. Mara nyingi wakili hujibu: mteja wangu anarudisha nakala, anaapa hajaitumia, na kifungu cha 17 anakipinga chote. Ukiweka hilo mezani mapema, wamebaki na sharti la nchi nne peke yake, na hilo sidhani watataka jaji alisome kwa sauti.

Na siku saba ni zao, si za mahakama, lakini jibu ndani yake. Kimya kitawekwa kama kiambatisho.

#38 Bwana Shauri
Nakubali yote ila "anapinga chote". Mimi ningetoa ahadi ndogo: miezi mitatu hatawatafuta wale kumi wakubwa. Jaji akiona mtu amejipimia, humwachia.

#39 Mama Hati
Na mwajiri akiona ahadi ya kumi, ataomba mia. Hapo tutaachana.

#40 Mtu wa Molo
Nimepata wakili Nakuru, naenda naye Alhamisi na simu yenyewe. Bosi mpya nimemwambia leo, amekasirika kuhusu jedwali kuliko kuhusu barua. Nitawapa mrejesho.

#41 Mtanga Halisi
Ukija Tanga utauza kwa raha.

#42 Bwana Shauri
Tanzania imo kwenye kifungu cha 17, mzee.

#43 Kijana wa Kaunti
Na mimi na laki tatu zangu?

#44 Sokwe Mtulivu
Mtu wa Molo, kabla hujazuiwa: ndama wangu ana kupe hadi ndani ya masikio na nikimwogesha kwa pampu dawa haifiki kule. Nifanyeje?

#45 Mtu wa Molo
Masikioni usinyunyizie kwa pampu, tumia ile ya kupaka, kidogo kwa kidole chenye glavu, na ukague chini ya mkia pia. Jina la dawa nitakuambia faragha. Hapa wanasoma.